Mtu anaweza kuokoka. Je, dini yake nayo inaokoa?

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mliokuja kuketi nasi, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila anayesoma taaluma ya dini hukutana nalo mapema: dini moja inazitazamaje dini nyingine? Majibu matatu mnayajua kwa majina. Upekee husema kwamba ni dini yangu peke yake inayowafikisha watu kwenye wokovu. Ujumuishi husema kwamba dini yangu ndiyo kamili, ila wokovu huo unawafikia wengine pia kwa kiasi fulani. Uwingi husema kwamba dini zaidi ya moja zinamfikisha mtu, wala hakuna hata moja iliyozipita nyingine zote. Maelezo hayo yamo katika kila kitabu cha utangulizi, na insha yenu ikiishia hapo itakuwa imenakili tu. Leo ningependa tumchukue mwanachuoni mmoja wa Kiislamu, Imamu Ghazali, tujaribu kumpa mojawapo ya majina hayo, tuone ugumu unaanzia wapi.

Lakini kwanza niseme juu ya kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ninaposahihisha insha za mada hii. Mwanafunzi huandika hivi: "Mwandishi huyu ni mjumuishi kwa sababu anawaheshimu watu wa dini nyingine." Isomeni tena sentensi hiyo. Heshima ni habari ya mwenendo, yaani tunaishije na watu. Majina haya matatu yanahusu jambo jingine kabisa: nani anafikishwa kwenye wokovu, na kwa njia gani. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba jirani yake hataokoka, na bado akahatarisha maisha yake ili kumlinda jirani huyo dhidi ya wanaomtesa. Mwingine anaweza kuwa muumini wa uwingi kwenye karatasi, huku akiwadharau wazi wazi wote wasiokubaliana naye. Ukimpanga mwandishi kwa kusikiliza upole wa sauti yake, utakosea karibu kila mara, kwa sababu wapo wenye msimamo wa upekee wanaoandika kwa upole mkubwa.

Basi tutampanga kwa nini? Mgawanyo huu wa sehemu tatu uliwekwa bayana na Alan Race, mwanateolojia Mwanglikana wa Uingereza, mwaka 1983, na aliutunga kwa ajili ya mjadala wa Wakristo wao kwa wao. Tangu hapo umelaumiwa kwamba ni mpana mno, ni finyu mno, au umejengwa kwa macho ya Kikristo. Aliyeunyoosha vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Mjerumani Perry Schmidt-Leukel, katika makala ya mwaka 2005. Yeye alifanya jambo rahisi. Alichukua sifa moja, ya kuwafikisha watu kwenye wokovu kwa kuwapa ujuzi wa kweli wa kile kilicho juu ya vyote, kisha akauliza: sifa hii inapatikana katika dini ngapi? Pengine haimo katika dini yoyote, na huo ndio msimamo wa asiyeamini. Pengine imo katika dini moja tu, na huo ni upekee. Pengine imo katika dini zaidi ya moja, lakini ni moja tu iliyo nayo kwa kiwango cha juu kupita zote, na huo ni ujumuishi. Au imo katika zaidi ya moja na hakuna iliyozipita zote, na huo ni uwingi. Hakuna nafasi ya tano, kwa hiyo yeyote mwenye msimamo kuhusu sifa hiyo lazima aangukie mahali fulani.

Naomba mshike jambo moja katika swali la Schmidt-Leukel: linauliza juu ya dini. Haliulizi ni watu wangapi watakaookoka. Hapo ndipo Imamu Ghazali anapotusumbua, na usumbufu huo una faida kubwa kwetu.

Ghazali alifariki mwaka 1111. Miongoni mwa maandishi yake kuna risala iitwayo Faisal at-Tafriqa, ambayo shabaha yake kuu ni kuwazuia Waislamu wasikufurishane ovyo. Watu wa madhehebu moja walikuwa wepesi wa kuwaita wa madhehebu nyingine makafiri, naye akataka kuweka mpaka ulio wazi. Ndani ya kazi hiyo anagusa pia hali ya wasio Waislamu, na anawagawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni wale ambao hata jina la Mtume Muhammad halijawafikia. Hawa wana udhuru. Kundi la pili ni wale waliolisikia jina lake, wakazijua sifa zake na miujiza yake, wanaoishi jirani na Waislamu na kuchanganyika nao, kisha wakakataa. Hawa kwake ni makafiri. Kundi la tatu liko katikati, na ndilo linaloonyesha jinsi alivyokuwa makini. Ni watu waliolisikia jina, lakini tangu utotoni wamelisikia kwa kinyume chake: wameambiwa kwamba alitokea mwongo aliyedai utume. Ghazali anasema kwamba hawa nao wako katika hukumu ya kundi la kwanza. Sababu anayoitoa ni ya kisaikolojia kabisa: mtu aliyepewa picha iliyopotoshwa hana kinachomsukuma kuchunguza. Hata Mwislamu akisikia kwamba katika nchi ya mbali kuna laghai aliyedai utume, hafungi safari kwenda kuyapima madai yake.

Kwa hesabu hiyo, Ghazali anatarajia kwamba wengi wa Warumi wa Bizantini na Waturuki wa zama zake, hasa wale wa pembezoni ambao mwito haukuwafikia kwa sura yake sahihi, wataingia katika rehema ya Mungu. Anaongeza pia mtu ambaye habari sahihi imemfikia, akaanza kuchunguza kwa bidii na kwa nia safi, kisha akafa kabla hajafika mwisho wa uchunguzi wake. Huyo naye anasamehewa. Nyuma ya yote haya kuna msingi wa Kurani, sura ya 17 aya ya 15, kwamba Mungu haadhibu mpaka kwanza ameleta mtume. Ghazali anauliza swali linalofuata kwa mantiki: kuletwa kwa mtume kunahesabiwa kumemfikia nani, na kwa sura gani?

Sasa tumpe jina. Wanafunzi wengi humwita mjumuishi, na ninaelewa kwa nini: wengi wataokoka, na rehema ni pana. Lakini rudini kwenye swali letu. Je, Ghazali anasema kwamba Ukristo wa Bizantini unamfikisha Mkristo kwenye wokovu? Hasemi hivyo hata kidogo. Mkristo huyo anaokoka kwa sababu hatabebeshwa hatia ya jambo ambalo hakupewa nafasi ya kulijua. Dini yake haikumsaidia, pengine imemchelewesha. Kinachofanya kazi hapo ni udhuru pamoja na rehema. Kwa kipimo cha Schmidt-Leukel, kinachohesabu dini, Ghazali yuko upande wa upekee. Ukihesabu watu badala ya dini, ni mkarimu kuliko wengi wa wakati wake, hata kuliko baadhi ya watu wa leo.

Kwa hiyo kuna maswali mawili yanayofungwa kwenye furushi moja kila tunaposema "wokovu wa wasio wetu". La kwanza: je, mtu wa dini nyingine anaweza kuokoka? La pili: akiokoka, anaokoka kupitia dini yake, au anaokoka tu ingawa yumo ndani yake? Insha nzuri hutenganisha maswali haya katika aya za mwanzo kabisa. Kuna mtihani mfupi wa kujua mwandishi unayemsoma amejibu lipi: iondoe dini ya mtu yule kwenye hoja yake, umwache mtu peke yake na dhamiri yake. Hoja ikibaki imesimama, mwandishi anazungumzia udhuru wa mtu. Ikianguka, anaipa dini yenyewe kazi ya kufanya.

Mtihani huo hufanya kazi pia kwa matini za Kikristo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, unasema kwamba wale ambao pasipo kosa lao hawaijui Injili wala Kanisa, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kujaribu kutenda mapenzi yake kama dhamiri inavyowaonyesha, kwa msaada wa neema, wanaweza kuupata wokovu wa milele. Iondoeni dini ya mtu huyo kwenye sentensi hiyo: sentensi inabaki salama. Anayetajwa ni mtu, moyo wake na dhamiri yake. Mwaka uliofuata, 1965, tamko la mtaguso huo huo juu ya dini zisizo za Kikristo lilisema kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini hizo. Hapo dini zinatajwa na kusifiwa. Lakini kusema dini fulani ina mambo ya kweli bado hakujafika kusema kwamba inaokoa, na wanateolojia Wakatoliki wamebishana tangu wakati huo mtaguso ulikusudia kufika wapi.

Aliyevuka mstari huo waziwazi ni Karl Rahner, Myesuiti wa Ujerumani, katika mhadhara wa mwaka 1961, kabla mtaguso haujafunguliwa. Alianza kwa kusema kwamba Ukristo ndio dini kamili iliyokusudiwa watu wote. Kisha akadai kwamba, hadi Injili itakapoingia kweli katika historia ya jamii fulani na kuwagusa watu wake, dini ya jamii hiyo inaweza kuwa dini halali kwao na kuwa na neema ndani yake. Sababu yake iko katika namna alivyomwelewa binadamu. Mtu haishi imani akiwa peke yake, anaiishi kwa ibada, desturi na lugha ya jamii yake. Ikiwa Mungu anataka kweli watu wote waokoke, basi neema yake lazima impate mtu pale alipo, na alipo ni ndani ya dini yake. Mtu wa namna hiyo Rahner alimwita Mkristo asiyejulikana kwa jina.

Fanyeni mtihani. Iondoeni dini ya mtu huyo, na hoja ya Rahner inaanguka, kwa sababu aliijenga juu ya madai kwamba neema humfikia mtu kupitia maisha ya jamii yake. Huyu ndiye mjumuishi kamili: dini nyingi zinafikisha, lakini ni moja tu yenye utimilifu. Tofauti kati yake na Ghazali si ya ukarimu. Rahner anazipa dini za wengine kazi ambayo Ghazali hakuzipa, na uhalali huo una mwisho: Injili ikishafika kwa namna inayomgusa mtu, dini ya zamani haina tena nafasi hiyo. Msisahau kuandika kikomo hicho, maana wengi humnukuu Rahner kana kwamba alizihalalisha dini zote milele.

Mwanafalsafa wa Kijapani Keiji Nishitani alimuuliza Rahner angesema nini akiitwa Mbudha wa Zeni asiyejulikana kwa jina. Rahner alimjibu kwamba kwa upande wa Nishitani hilo ni sawa kabisa, na kwamba kwake lilikuwa heshima. Baadhi ya wasomaji huona jibu hilo kama la kukwepa. Mimi naliona ni jibu la uaminifu, kwa kuwa linakubali jambo ambalo ujumuishi hauwezi kulikwepa: kila mjumuishi lazima akubali kujumuishwa. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 9 aya ya 23, inafanya vilevile kwa upande wake. Krishna anasema kwamba hata wanaoabudu miungu mingine kwa imani wanamwabudu yeye, ingawa si kwa namna inayostahili. Aya hii hunukuliwa mara kwa mara katika insha kama mfano wa uwingi. Isomeni hadi mwisho wake, hapo penye upungufu wa ibada za wengine, mtaona ni ujumuishi mtupu.

Tuje kwa John Hick, mwanafalsafa wa dini Mwingereza aliyefariki mwaka 2012, ambaye karibu kila insha humtegemea kwa upande wa uwingi. Hick aliona kwamba maelezo ya wajumuishi yanakuwa marefu zaidi kila yanapopanuliwa, mpaka inabidi kuuliza kwa nini kitovu kibaki kuwa dini ya msemaji. Akapendekeza kwamba kitovu kiwe ule Uhalisi wa mwisho wenyewe. Kwa kuazima kutoka kwa mwanafalsafa Kant, alisema kwamba Uhalisi huo ulivyo ndani yake hatuujui. Tunaupokea kupitia dhana za tamaduni zetu, wengine wakiwa na Mungu mwenye nafsi, wengine wakiwa na kitu kisicho na nafsi. Kinachoonyesha kwamba dini inafanya kazi ni matunda: je, inawatoa watu kwenye kujizungukia wenyewe na kuwaelekeza kwenye Uhalisi? Hick aliwatazama watakatifu wa dini kubwa, hakuona dini moja iliyozaa wengi au bora waziwazi kuliko nyingine.

Hapa kuna hoja mbili dhidi yake, na zina uzito tofauti. Ya kwanza ilitolewa na mwanateolojia Mkatoliki Gavin D'Costa mwaka 1996: kwamba uwingi wenyewe ni upekee wa siri, kwa kuwa Hick naye ana kipimo chake, na asiyekubali kipimo hicho anahesabiwa amekosea. Wanafunzi huipenda sana hoja hii, huiweka mwishoni mwa insha kama pigo la mwisho. Mimi sioni kwamba inafika mbali hivyo. Ni kweli kwamba kila dai linakanusha kinyume chake. Bila hivyo lisingekuwa dai. Lakini swali letu lilikuwa ni dini ngapi zinafikisha, na jibu la Hick ni "zaidi ya moja, bila iliyozipita zote". Kwamba anaona nadharia nyingine juu ya dini ni makosa hakubadilishi jibu lake juu ya dini zenyewe.

Hoja ya pili ndiyo inayoniumiza kichwa. Mwislamu anaposema Mungu ni mmoja, Hick anamwambia kwamba umoja huo ni wa namna Uhalisi unavyomtokea. Uhalisi wenyewe hauwezi kuitwa mmoja wala wengi, wenye nafsi wala usio na nafsi. Mkristo anayesema Mungu ni Utatu anaambiwa vivyo hivyo. Dini zote zimewekwa sawa, lakini kwa kuziondolea kila moja dai lililokuwa moyo wake. Tena, kama Uhalisi hauwezi hata kuitwa mwema, kwa nini upendo uwe alama ya kuuelekea zaidi ya ukatili? Hick alijibu kwamba maadili ni ya namna Uhalisi unavyotutokea, na kwamba dini kubwa zote zinakubaliana juu yake. Jibu hilo linaeleza jinsi tunavyozitambua dini zinazofanya kazi. Halielezi kwa nini jambo hilo lazima liwe kweli kuhusu Uhalisi.

Mwaka 1995 mwanateolojia Mmarekani Mark Heim alitazama mjadala huu wote akasema pande zote tatu zimekubaliana kimyakimya juu ya jambo ambalo hazijalithibitisha: kwamba wokovu ni mmoja, na dini zinashindania kuufikisha. Je, ikiwa miisho ni tofauti? Mbudha anayeielekea nirvana hayuko kwenye safari iliyokwama ya kwenda kwenye ushirika na Mungu. Anaelekea pale anaposema anaelekea. Kwa mtazamo huo kila dini inaweza kuwa njia ya pekee ya mwisho wake yenyewe. Heim mwenyewe, akiwa Mkristo, bado anauona ushirika na Mungu kuwa mwisho ulio bora kuliko yote, kwa hiyo anarudi karibu na ujumuishi kwa mlango mwingine.

Hilo linawahusu ninyi mnaoandika. Ghazali anauliza juu ya hukumu ya Siku ya Kiyama, nani atasamehewa. Rahner anauliza juu ya neema inayofanya kazi sasa ndani ya maisha ya jamii. Hick anauliza juu ya mabadiliko ya mtu yanayoanza hapa duniani. Ukiwaweka watatu hawa kwenye jedwali moja lenye safu iliyoandikwa "wokovu", utakuwa umelinganisha majibu ya maswali matatu. Jedwali lenyewe halina ubaya, mimi hulitumia darasani. Ila juu ya kila jina andika kwanza ni wokovu upi anaouzungumzia, ndipo uandike ni dini ngapi anazosema zinaufikisha.

Sasa ningependa kusikia maswali yenu, hasa kutoka kwa wale wanaodhani nimekosea kumweka Ghazali upande wa upekee.